Mbwa wa kijiji ni wangapi? Hivi ndivyo wanavyohesabiwa bila kuwamaliza wote

Misungwi. Chukua kijiji kimoja cha wilaya hii siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Tangu saa 3 asubuhi watoto wanavuta mbwa kwa kamba kwenda ofisi ya kijiji. Bwana mifugo anachoma sindano, karani anaandika. Saa 9 alasiri daftari linafungwa: mbwa 168 wamechanjwa.

Swali linalobaki ni rahisi kuliuliza, gumu kulijibu: 168 kati ya wangapi?

Kama kijiji kina mbwa 200, kazi imekwisha na watu wanaweza kurudi nyumbani. Kama wako 400, zaidi ya nusu hawana kinga, na ugonjwa utaendelea kuzunguka kama vile hakuna kilichofanyika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe kila kampeni. Sababu ni kwamba mbwa hufa na kuzaliwa kwa kasi. Ukianza na 70, mwaka ukiisha bado wanabaki wenye kinga wa kutosha kuuzuia ugonjwa usisambae. Ukianza na 45, miezi michache baadaye umebaki na wachache mno.

Na si jambo la mzaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo tunahitaji idadi ya mbwa wote. Lakini nani ana muda wa kupita kila boma kuhesabu, huku mbwa wenyewe hawatulii sehemu moja?

Ujanja wenyewe: weka alama, kisha hesabu tena

Njia inaitwa kuweka alama na kukamata tena. Ina hatua mbili tu.

Kwanza, unakamata wanyama kadhaa, unawawekea alama na kuwaachia. Pili, wakishachanganyika na wenzao, unachukua kundi jingine bila kuchagua na kuangalia wangapi kati yao wana alama.

Wazo ni hili: sehemu ya wenye alama katika kundi la pili inafanana na sehemu ya wenye alama katika wanyama wote. Ukikutana na mbwa 10 barabarani na 6 wana alama, basi mbwa wenye alama ni kama 6 katika kila 10 wa kijiji kizima. Na kwa kuwa unajua uliweka alama ngapi, jumla inapatikana.

Njia hii si ngeni. Mdenmaki Petersen aliitumia kwa samaki mwishoni mwa miaka ya 1800, na Mmarekani Lincoln akaitumia kwa bata mwitu mwaka 1930. Ndiyo maana vitabuni utakuta hesabu hii ikiitwa kwa majina yao wawili.

Kwa mbwa, alama ni mkanda wa rangi unaofungwa shingoni mara tu mbwa anapochanjwa. Na si lazima umkamate tena. Inatosha kumuona: ana mkanda au hana?

Hapa Tanzania njia hii imejaribiwa kwa upana. Watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha mwaka 2018 kazi iliyolinganisha njia mbalimbali za kukadiria idadi ya mbwa nchini: kuhesabu nyumba kwa nyumba, kuuliza kaya, na kuhesabu njiani baada ya chanjo kwa kuangalia mikanda.

Twende kwenye hesabu

Turudi kijijini kwetu. Namba hizi ni za mfano, lakini utaratibu ni ule ule wa kazini.

Mbwa 168 wamefungwa mikanda. Jioni hiyo hiyo watu wawili wanapanda pikipiki, wanapita njia za vitongoji vyote taratibu, na kuandika kila mbwa wanayemuona. Mmoja anaendesha, mwingine ana karatasi yenye safu mbili: "ana mkanda" na "hana mkanda".

Kwa nini jioni? Kwa sababu mchana mbwa wengi wa Usukumani wako machungani na ng'ombe, na wengine wamelala kivulini nyuma ya nyumba. Jua likipungua, ng'ombe wanarudi, mbwa nao wanarudi na kuanza kuzurura.

Wamerudi na karatasi: mbwa walioonekana ni 95. Wenye mikanda ni 57, wasio nayo 38.

Fungua kikokotoo cha simu yako. Tuziite namba hivi:

```
M = wenye alama          = 168
C = walioonekana jioni   = 95
R = walioonekana na alama = 57

N = M × C ÷ R
N = 168 × 95 ÷ 57
N = 280
```

Makadirio ni mbwa 280. Waliochanjwa ni 168 kati ya 280, yaani asilimia 60. Hatujafika 70.

Hapo umepata jibu la kwanza. Lakini usiondoke nalo bado.

Kwa nini 280 si jibu kamili

Fikiria wale wawili wangepita dakika 10 baadaye. Wangekutana na mbwa tofauti kidogo. Pengine wenye mikanda wangekuwa 53, pengine 61. Jibu lingebadilika. Kwa hiyo 280 ni namba ya katikati, na pande zote mbili kuna nafasi ya kupanda na kushuka.

Mtaalamu wa takwimu Chapman alirekebisha hesabu hii mwaka 1951, kwa sababu ile ya kwanza huelekea kutoa jibu kubwa kuliko ukweli pale namba zinapokuwa ndogo. Anaongeza moja kila mahali, kisha anatoa moja mwishoni:

```
N = (M+1) × (C+1) ÷ (R+1) − 1
N = 169 × 96 ÷ 58 − 1
N = 279 (baada ya kukadiria)
```

Hapa tofauti ni ya mbwa mmoja tu, kwa sababu R yetu, 57, ni kubwa. Ingekuwa R ni 4 au 5, tofauti ingeonekana wazi.

Kuna pia kanuni ya kupima jibu linaweza kuyumba kiasi gani. Ni ndefu kidogo, ila ni kuzidisha na kugawanya tu:

```
V = (M+1)(C+1)(M−R)(C−R) ÷ [(R+1)² × (R+2)]
V = 169 × 96 × 111 × 38 ÷ (58² × 59)
V = 345 hivi

kipeuo cha pili cha 345 = 18.6
18.6 × 1.96 = 36
```

Kwa hiyo idadi ni 279, toa au ongeza 36. Yaani mbwa wa kijiji hiki wako kati ya 243 na 315. Namba 1.96 ndiyo inayotupa uhakika wa asilimia 95: tungerudia zoezi hili mara nyingi, karibu mara 95 kati ya 100 mipaka tunayopata ingeushika ukweli ndani yake.

Sasa angalia maana yake. Kama mbwa ni 243, tumechanja asilimia 69. Kama ni 315, tumechanja 53. Hata upande ulio mzuri zaidi haufiki 70. Uamuzi unajitokeza wenyewe: timu irudi.

Irudi na dozi ngapi? Asilimia 70 ya 279 ni 195, pungufu 27. Lakini anayetaka usalama anachukua upande mbaya: asilimia 70 ya 315 ni 221, pungufu 53. Beba dozi 53. Dozi ikibaki utaitunza kwenye baridi, ila mbwa aliyekosa chanjo anabaki mtaani.

Masharti yanayobeba hesabu yote

Kanuni ya mstari mmoja inaonekana rahisi kwa sababu masharti yake hayaandikwi ndani yake. Yapo matatu makubwa. Kila moja likivunjika, jibu linakwenda upande fulani, na ni vizuri kujua upande gani.

Sharti la 1: alama isipotee

Mkanda unaweza kukatika. Mbwa wakipigana unachomoka. Mtoto anaweza kuuona mzuri, akauvua na kumfunga mbuzi wake.

Tuseme mmoja katika kila kumi amepoteza mkanda kabla ya jioni. Basi wenye mikanda kweli si 168, ni kama 151. Hesabu sahihi ni 151 × 95 ÷ 57, sawa na 252. Sisi tulisema 280. Tumeongeza mbwa 28 ambao hawapo.

Kwa hiyo alama zikipotea, idadi inakuwa kubwa mno, na kiwango cha chanjo kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Kosa hili linakula pesa, lakini haliui mtu, maana litakufanya uchanje zaidi.

Utalijuaje? Weka alama mbili. Mbali na mkanda, mpake mbwa rangi ya mifugo mgongoni. Ukiona jioni mbwa wana rangi lakini shingo tupu, unajua kiwango cha upotevu na unasahihisha. Njia nyingine ni kutochelewa: hesabu siku hiyo hiyo, si wiki ijayo.

Sharti la 2: asiingie mtu, asitoke mtu

Kati ya kuweka alama na kuhesabu, kundi linatakiwa kubaki lile lile. Pasiwe na vifo, kuzaliwa, kuhama wala wageni.

Kwa saa chache, vifo na kuzaliwa si tatizo. Wageni ndio tatizo. Siku ya mnada watu wa vijiji jirani wanakuja na mifugo, mbwa wanafuata nyuma. Kijiji kilicho kando ya barabara kuu, kama kule njia panda ya Usagara, kina mbwa wa kila upande. Hao hawana mikanda. Wanaongeza safu ya "hana mkanda", na idadi inavimba. Basi usihesabu siku ya mnada, na chanja vijiji jirani kwa mpango unaofuatana, kila kijiji kwa rangi yake ya mkanda. Ukiona rangi ya jirani, unajua ni mgeni.

Ila kuna wanyama ambao sharti hili kwao haliwezekani kabisa. Na mfano maarufu umetoka jirani zetu wa Shinyanga.

Miaka ya 1930, kituo cha utafiti wa mbung'o cha Tanganyika kilikuwa Shinyanga, na mtafiti C.H.N. Jackson alikuwa akiwawekea mbung'o nukta za rangi mgongoni na kuwaachia. Mbung'o hufa haraka na kila siku wanatoka wapya. Ukirudi wiki mbili baadaye, baadhi ya uliowawekea alama wamekufa, na nafasi zao zimechukuliwa na wasio na alama. Kanuni yetu ya mstari mmoja ingekupa idadi kubwa kupindukia.

Jackson hakujaribu kuzuia hilo, alilitumia. Aliendelea kukamata wiki baada ya wiki na kuangalia sehemu ya wenye alama inavyoshuka. Ukijua inashuka kwa kasi gani, unaweza kurudi nyuma hadi siku ya kuwaachia na kuuliza: siku ile ile ingekuwa ngapi? Hapo unapata idadi, na juu yake unapata kasi ambayo wanyama hao wanapotea na kuongezeka. Kazi zake, zilizochapishwa kuanzia mwaka 1933, ni kati ya za mwanzo duniani kulitatua tatizo la kundi lisilotulia.

Sharti la 3: kila mnyama awe na nafasi sawa

Hili ndilo linaloangusha wengi, na ndilo la hatari zaidi.

Kanuni inadhani kila mbwa ana nafasi sawa ya kuonekana jioni, awe na mkanda au hana. Lakini kijiji hakiko hivyo. Kituo cha chanjo kipo senta, karibu na ofisi na shule. Mbwa wa senta wanaletwa kirahisi. Wa kitongoji cha mbali, kule ng'ambo ya mashamba ya mpunga, mwenyewe anaona safari ni ndefu. Halafu jioni pikipiki nayo inapita zaidi senta, kwa sababu huko ndiko kwenye barabara.

Tufanye hesabu ya kijiji cha pili cha mfano, ambacho ukweli wake tunaujua. Senta kuna mbwa 200, kitongoji cha mbali kuna 200. Jumla 400. Waliochanjwa senta ni 140, kule mbali 40. Jumla 180, yaani asilimia 45.

Jioni pikipiki inaona mbwa 80 senta, 56 wana mikanda. Kule mbali inaona 10 tu, wawili wana mikanda. Tukijumlisha: C ni 90, R ni 58.

```
N = 180 × 90 ÷ 58
N = 279
```

Kanuni inasema mbwa ni 279 na chanjo imefika asilimia 64. Ukweli ni mbwa 400 na asilimia 45. Mbwa 121 wamepotea kwenye karatasi, na karibu wote ni wa kitongoji kile cha mbali, ambako ndiko ugonjwa utakaposhika.

Ona jinsi kosa hili lilivyo tofauti na la mkanda kukatika. Lile linakutisha bure. Hili linakupa moyo usiostahili, unafunga daftari na kwenda zako.

Dawa yake ni kutochanganya. Andika kila kitongoji peke yake, kuanzia mkanda wa asubuhi hadi karatasi ya jioni, kisha fanya hesabu mara mbili:

```
Senta:  140 × 80 ÷ 56 = 200
Mbali:   40 × 10 ÷ 2  = 200
Jumla:                  400
```

Ukweli umerudi. Na hata kabla ya kufanya hesabu, dalili ilikuwepo: senta wenye mikanda ni 7 kati ya 10, mbali ni 2 kati ya 10. Ukiona tofauti kubwa kiasi hicho kati ya vitongoji, usijumlishe.

Ila tuwe wakweli: ile 200 ya kitongoji cha mbali imesimama juu ya mbwa wawili. Angeonekana wa tatu mwenye mkanda badala ya asiye nao, jibu lingeshuka hadi 133. Mbwa mmoja kabadilisha idadi kwa 67! Ndiyo maana waliozoea kazi hii huangalia R kabla ya kitu kingine chochote. R ikiwa chini ya 10, pita tena hadi uwaone wa kutosha.

Ambao hawamo kabisa

Kuna mbwa ambao hesabu ya barabarani haiwagusi. Watoto wa mbwa wa umri wa wiki chache hawaletwi kuchanjwa, kwa sababu wenyewe wanadhani ni wadogo mno, na jioni hawaonekani njiani. Hawamo kwenye M, hawamo kwenye C. Kwa kanuni, hawapo duniani.

Vivyo hivyo mbwa wanaofungwa ndani ya uzio mchana na usiku. Kama hawakuchanjwa na hawatoki, hakuna namba inayowataja.

Kwa hiyo ile 279 ya kijiji cha kwanza si mbwa wote. Ni mbwa wanaozurura. Ukitaka na waliobaki, unachagua kaya kadhaa bila upendeleo, unagonga hodi na kuuliza: mko na mbwa wangapi, watoto wangapi, nani amefungwa, nani amechanjwa. Ukipata kwamba kwa kila mbwa wakubwa 10 kuna watoto 2, unaongeza kwa kiwango hicho. Na kama watoto hao hawakuchanjwa, mbwa ni kama 335, na chanjo imeshuka kutoka asilimia 60 hadi 50.

Ukiona mikanda kijijini kwako

Usimvue mbwa mkanda, na mwambie mtoto asiuvue, angalau mpaka kesho yake. Mkanda ule si pambo, ni mstari mmoja kwenye hesabu inayoamua kama timu itarudi kitongojini kwenu au la. Ukiona pikipiki inapita jioni bila kufika kwenu, mwambie mwenyekiti wa kitongoji.

Na ukiumwa na mbwa, awe na mkanda au hana: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.